Seti moja ya jeli inanigharimu shilingi ngapi hasa?

Topu, ile ya kung'arisha inayopakwa mwisho juu ya rangi ya jeli ya kucha, iliniishia nikiwa katikati ya mkono wa kushoto wa mteja. Vidole vitano vya kulia vinang'aa, vitatu vya kushoto vinang'aa, na viwili vilivyobaki vimekaa na rangi kavu isiyo na chochote juu. Nikamwomba radhi, nikamtuma mdogo wangu akaazime kwa jirani wa fremu ya pili. Kilichonishtua ni kwamba sikuwa na hela ya kununua chupa nyingine siku ile, na mwezi ule nilikuwa nimefanya kazi kweli kweli.

Nafanya kucha Sinza, kwenye kiti nilichokodi ndani ya saluni ya nywele. Seti ya jeli kwenye kucha za asili, yaani kusafisha, besi inayotangulia chini ya rangi, rangi mara mbili na topu, nilikuwa naifanya kwa 10,000. Bei yenyewe niliikuta mtaani nikaifuata. Baada ya aibu ile ya topu nikaamua kupima kila kitu. Bei ninazotaja hapa ni nilizolipa mimi Kariakoo. Weka zako, njia ni ileile.

Nilianza na chupa. Kila nikifungua besi au topu mpya naandika tarehe chini yake kwa kalamu ya wino mzito, halafu kila mteja nampigia mstari kwenye daftari. Besi ya mililita 15 ilinihudumia wateja 41, topu ya ujazo huohuo ikaishia kwa 36. Topu huisha mapema kwa sababu hupakwa nene kidogo, na ncha ya kila ukucha lazima izibwe. Chupa zote mbili nanunua 12,000, kwa hiyo besi ni kama 290 kwa mteja na topu 330.

Rangi ndiyo iliyonidanganya muda mrefu. Zamani nilikuwa napiga hesabu kwamba chupa ya 7,000 inatosha wateja kama 30, basi rangi ni 230. Lakini ni nani anayemaliza chupa ya kijani cha limau? Nyekundu, nyeupe na zile za rangi ya ngozi zinakwisha. Nyingine zinachovywa mara sita kwa mwaka, zinaganda, natupa. Kwa hiyo niliacha kuhesabu kwa mililita. Nilichukua rangi zote nilizonunua kwa mwaka mmoja, chupa 31, sawa na 217,000, nikagawa kwa seti 520 nilizofanya mwaka huo. Ikaja karibu 420 kwa seti. Zile chupa zinazokaa kwenye rafu ili mteja aone ana uchaguzi, yeye ndiye anazilipia, apake asipake.

Vingine vinatajika haraka. Tupa ya karatasi 500 na bafa ndogo 300. Zote mbili mteja akimaliza zinatupwa au anaondoka nazo, maana hazisafishiki. Glavu, barakoa, spiriti, vitambaa visivyoacha vinyuzi, dawa ya kukausha mafuta kwenye ukucha na tone la mafuta ya mwisho, vyote pamoja 750. Jumla ya vya kutumika ni kama 2,600.

Sasa taa ya kuivishia jeli. Wengi wakiulizwa gharama ya taa wanataja umeme, na umeme si kitu kabisa. Mimi nachoma vidole vinne vya mkono mmoja, kisha vinne vya mwingine, kisha dole gumba zote mbili pamoja, sekunde 60 kila awamu. Mara nne, kwa besi, rangi mbili na topu, ni dakika 12 za taa kuwaka. Taa ya wati 48 kwa dakika 12 haifikishi hata sehemu moja ya mia ya uniti. Uniti ikiwa kwenye 350, hiyo haifiki shilingi 4.

Kinacholiwa ni taa yenyewe. Kwenye boksi la yangu wameandika saa 50,000. Kwa dakika 12 kwa seti, hizo ni seti 250,000. Kwa kasi yangu ningeitumia miaka 480 na kuwarithisha vitukuu. Huenda vile vitaa vidogo vyenyewe vina uwezo huo vikiwa maabara. Ila taa haifi kwa sababu ya vitaa peke yake. Tundu la adapta linalegea, kihisi kinachowasha mkono ukiingia kinagoma, joto na vumbi vinafanya kazi yao. Zangu mbili zilizotangulia zilidumu mwaka na kidogo. Kwa hiyo taa ya 65,000 naigawa kwa seti 500, nikapata 130. Hela hiyo naitenga kweli, kwenye kibubu.

Hasara kubwa ya taa, hata hivyo, inakuja kabla haijafa. Taa ya pili ilipofikisha kama miezi kumi, wateja walianza kurudi jeli ikiwa imebanduka ndani ya wiki. Nikalaumu besi, nikabadilisha. Nikalaumu wateja kwamba wanafua bila glavu. Mpaka wiki moja waliporudi watatu, na wote ni kidole kidogo cha mkono wa kulia. Maji ya kufulia hayachagui kidole. Nikafunga pazia, nikaielekeza taa kwenye karatasi nyeupe bila kuikodolea macho, nikahesabu nukta za mwanga wa zambarau. Upande ule kidole kidogo kinapokaa, vitaa vitatu vilivyofuatana vilikuwa vimezima. Taa inawaka, inahesabu sekunde, inalia, kumbe pembe ile jeli inaiva juu tu.

Siku hizi kila mwezi nafanya jaribio dogo. Napaka rangi nyeusi kwenye vipande vya foili, maana nyeusi ndiyo inayozuia mwanga zaidi, naviweka mahali pa kila kidole, nachoma sekunde 60. Halafu nakwangua kwa kijiti cha mti. Chini kukiwa bado majimaji, au juu kukikunjamana kama utando wa maziwa, mahali pale pana tatizo. Kama rangi nyeusi nimeipaka nyembamba na vipande vyote vimekunjamana, basi taa nzima imechoka au haiendani na jeli ile. Jeli isiyoiva vizuri si ya kubanduka tu. Ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kumletea mteja, au mimi mwenyewe, mzio wa kuwasha usioisha.

Mwezi ule wa vitaa vitatu nilirudia kazi tano bure. Mwezi wa kawaida ninarudia kama moja katika kila 25, kwa hiyo natenga 400 kwa kila seti.

Hapo ndipo usafi unapoingia, maana usafi na taa ni ndugu. Taa yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Tone la topu lilidondokea ndani, likaiva papo hapo juu ya kitaa, nami nikalifuta kwa asetoni. Plastiki ikafanya ukungu kama kioo cha bafuni na haikurudi tena. Sasa naifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa spiriti, taa ikiwa imechomolewa, kila mteja anapoondoka. Ukichelewa, vumbi la kucha linashikana na mabaki ya jeli na huling'oi.

Niliwasha saa ya simu kwa wateja 12 mfululizo, kuanzia mmoja anapoinuka hadi kiti kinapokuwa tayari kwa mwingine. Wastani ulikuwa dakika 17. Ningeulizwa kabla, ningesema tano. Vumbi nalifuta kwa kitambaa kibichi, si kupuliza wala kuwasha feni, kwa sababu likiruka linatua kwenye chupa zilizo wazi. Vyuma vinasuguliwa kwa sabuni na brashi, vinakaushwa, ndipo vinalowekwa kwenye dawa ya kuulia vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Muda wa kuloweka siuhesabu, nina seti mbili za vyuma zinazopokezana. Vitambaa vyenye jeli mbichi naviweka chini ya taa sekunde 60 kabla ya kutupa. Na shingo za chupa lazima zifutwe. Jeli ikiganda pale, mfuniko unanata na siku ya kuulazimisha unaondoka na shingo. Chupa nazo hazikai mbele ya mdomo wa taa. Niliwahi kusahau topu wazi pale, brashi ikawa kijiti.

Sabuni, dawa na kufua taulo vinakula 350. Muda ndio mzito. Kodi ya kiti ni 150,000 kwa mwezi, na mimi nataka kubaki na 500,000. Jumla 650,000. Nipo saluni saa nane kwa siku, siku 26, lakini saa ninazokuwa na mteja au nasafisha baada yake ni kama tano kwa siku, yaani 130 kwa mwezi. Zilizobaki nakaa naangalia barabara. Kwa hiyo saa moja ya kazi lazima ilete 5,000. Dakika 70 za mteja na 17 za usafi ni 87, sawa na 7,250. Kati ya hizo, usafi peke yake ni zaidi ya 1,400, kuzidi besi, rangi na topu zote zikijumlishwa.

Ukikusanya: vya kutumika 2,600, usafi 350, taa 130, marudio 400, muda 7,250. Jumla 10,730, nami natoza 10,000.

Hiyo bado ilikuwa afadhali. Balaa lilikuwa ofa. Mteja anakuja na jeli ya zamani: "Dada, niwekee 8, na hii unitolee." Namkubalia, mteja wangu wa siku zote. Kutoa jeli ni dakika 25 na kama 600 za asetoni, pamba na foili. Kwenye 8,000 hiyo toa 4,080 za vitu, zinabaki 3,920 kwa dakika 112, yaani 2,100 kwa saa. Kodi ya kiti inachukua 1,150 katika kila saa. Mimi nilikuwa nabaki na 950, mgongo unauma.

Bei sasa ni 13,000, na kutoa ya zamani ni 3,000 peke yake, imeandikwa ukutani ili nisibembelezwe. Wateja wawili waliondoka. Mmoja karudi juzi na kucha alizopakwa kwingine, jeli imebanduka kwenye dole gumba zote mbili. Nilimuuliza kama aliona vitaa vya taa yao. Akacheka, akalipa 16,000, nikampigia mstari wa 29 kwenye ukurasa wa topu.