Ratiba ya sevisi ya mashine ya kusaga: "kila mwezi" haitoshi

Ndugu zangu wenye mashine za kusaga na kukoboa huku Kasulu, Uvinza na Kigoma mjini, hasa mnaotumia injini za dizeli, naomba muiangalie upya ile karatasi ya sevisi mliyobandika ukutani. Nyingi zimeandikwa hivi: "Oili ibadilishwe kila mwezi, fundi ahusike."

Tuanze na huo mwezi. Tuseme kitabu cha injini yako kinataka oili ibadilishwe kila masaa 100 (zinatofautiana, soma cha kwako). Msimu wa mavuno mashine inapiga kazi masaa 10 kwa siku, kwahiyo siku 10 tu masaa 100 yameisha, na ukisubiri mwezi wenye siku 26 za kazi injini imeshakwenda masaa 260 na oili ileile, imekuwa nyeusi, imechoka, vyuma vinalika ndani. Kiangazi wateja wakipungua inawaka masaa mawili kwa siku, hapo mwezi ukiisha unamwaga oili ambayo bado nzuri, hela imepotea bure.

Halafu "fundi" ni nani? Kama mko wawili wa shifti, kila mmoja anajua mwenzake kafanya. Andika cheo, na wa akiba pia, maana watu wanaumwa, wanasafiri.

Mimi ningeiandika hivi: "Mwendeshaji wa asubuhi abadili oili ya injini kila masaa 100 ya kazi au kila miezi 3, kinachotangulia. Asipokuwepo, abadili mwendeshaji wa jioni. Msimamizi akague kiwango kwenye kijiti injini ikiwa imezimwa na imekaa sawa, halafu asaini." Hiyo miezi 3 nimeitolea mfano tu, nayo ichukue kwenye kitabu chako.

Kama injini haina mita ya masaa, daftarini andika saa ya kuwasha na ya kuzima kila siku, ujumlishe jioni.

Sasa kumbukumbu. Mstari mmoja uwe na tarehe, masaa ya mita, lita zilizowekwa, aliyefanya, aliyekagua, na masaa ya sevisi ijayo. Mfano umepanga 1,340 ila wateja wakajaa ukabadili 1,352, basi andika 1,352 ilivyo, usirekebishe ionekane umewahi, na ijayo inakuwa 1,452 kwasababu oili mpya imeanza kazi pale ulipoiweka. Namba hiyo ya ijayo iandike pia kwa chaki karibu na injini, mwendeshaji aione kabla hajawasha.

Msimamizi akipitia daftari akute mistari ya wiki nzima ina wino mmoja, mwandiko mmoja na masaa yote yanaishia na sifuri, ajue yamejazwa siku moja kwa kukisia. Hapo aende akasome mita mwenyewe, achomoe kijiti aangalie oili, na mstari mpya aanze na alichokiona.