Umeota una kiatu kimoja? Tiketi usiirudishe

Wiki iliyopita nimeisikia tena kauli ambayo kwa kweli imenichosha: "Nimeota niko na kiatu kimoja, nikaona safari niiache." Aliyeniambia ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tanga, aliyekuwa na miadi ya kliniki Dar es Salaam. Miadi hiyo aliingoja miezi minne. Alfajiri ya siku ya kuondoka akaota yuko stendi, basi linapiga honi, naye ameinama chini ya benchi anatafuta kiatu cha kushoto asikione. Alipoamka akamsimulia wifi yake. Wifi akashika simu, akatafuta, akamsomea: kiatu kimoja ni talaka au msiba. Basi likaondoka bila yeye, na siku ya kliniki ikapita. Alipofika kwangu alikuwa na hofu ya ugonjwa, na juu yake hofu ya ndoa.

Mimi ni mshauri wa saikolojia, na watu wenye shida ya usingizi ndio ninaokaa nao zaidi. Ndoto ya kiatu naletewa mara kwa mara, na karibu kila mara inaletwa na mtu mwenye safari: anayekwenda chuo, anayekwenda kazini Muscat, bibi anayekwenda Hija. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wanakuja baada ya kuamua, sio kabla.

Dhana: kiatu kimoja ndotoni ni onyo, usisafiri, au ndoa inavunjika

Hili halikuzuka hewani. Vitabu vya tafsiri ya ndoto vinavyouzwa kwa jina la Ibn Sirin, yule mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 729, vinasema kweli kwamba anayejiona anatembea na kiatu kimoja ataachana na mke au mshirika wake. Lakini wanaosoma mstari huo kwenye simu hawasomi unaofuata. Katika vitabu hivyohivyo kiatu ni mke, pia ni safari, na kuvua viatu vyote viwili kunafasiriwa kuwa ni amani na kupata cheo, kwa sababu Nabii Musa aliamrishwa avue viatu vyake katika bonde takatifu la Tuwa. Tena wataalamu wa historia wanakubaliana kwamba vitabu hivyo vilikusanywa muda mrefu baada ya Ibn Sirin mwenyewe. Na wafasiri wa zamani walianza na muotaji: ni nani, ana kazi gani, yuko katika hali gani. Ukurasa wa simu haumjui muotaji. Haujui kama umeolewa.

Kwa ndugu zangu Waislamu naongeza hili, maana wengi wananiambia wanaogopa kupuuza ndoto wasije wakakosa adabu. Hadithi iliyopokewa na Muslim inagawa ndoto mafungu matatu: bishara njema kutoka kwa Mungu, huzuni inayotoka kwa shetani, na yale ambayo mtu anayazungumza na nafsi yake. Fungu la tatu limo humo humo ndani ya dini, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Na kwa ndoto ya kuchukiza, mafundisho ni kujikinga kwa Mungu, kugeuka ubavu mwingine na kutomsimulia mtu. Hakuna palipoandikwa urudishe tiketi.

Sasa hilo la mtu kuzungumza na nafsi yake ndilo ninalolifahamu kwa kazi yangu. Ubongo uliolala hushughulika na yaliyokukaa rohoni mchana, hasa yale ambayo hayajakamilika, na huyavalisha picha za karibu. Kwa nini basi picha iwe kiatu? Fikiria unavyotoka nyumbani. Umeshavaa, umeshafunga begi, umeshaaga, na kitu cha mwisho kabisa mlangoni ni viatu. Sisi wa pwani viatu tunaviacha nje ya mlango, na nani hajawahi kutoka msikitini Ijumaa, au kwenye shughuli, akakuta kandambili moja ipo na mwenzake hayupo? Unasimama pale juani, wenzako wanaondoka, huwezi kwenda mbele wala kukaa. Kila mmoja wetu ana kumbukumbu hiyo. Ubongo unapotaka picha ya "safari imefika na mimi sijawa tayari", hiyo ipo karibu na inatosha. Mwingine huota begi halifungi, mwingine ameacha pasipoti, mwingine miguu mizito kama imezama kwenye tope. Maana yake ni moja.

Je, ndoto hiyo inabashiri kushindwa? Utafiti ninaoupenda ulifanywa Paris na kuchapishwa mwaka 2014. Wanafunzi 719 waliokuwa wakiwania nafasi za kusomea udaktari waliulizwa kuhusu ndoto zao. Takriban asilimia 60 waliota mtihani usiku wa kuamkia siku yenyewe, na nyingi za ndoto hizo zilikuwa mbaya: wamechelewa, wamesahau majibu. Matokeo yalipotoka, walioota mtihani walifanya vizuri zaidi kwa wastani kuliko wasioota. Sisemi ndoto ndiyo iliyowafaulisha. Huenda aliyejali zaidi alisoma zaidi na akaota zaidi. Ila anayesema ndoto ya kutokuwa tayari ni dalili ya kuanguka, hapo ana kazi ya kueleza.

Turudi kwa yule mama. Nilimwambia aiweke tafsiri pembeni, anisimulie siku iliyotangulia ndoto, saa kwa saa. Hivi ndivyo ninavyofanya na kila mtu, na sijaona njia nyingine inayofaa kuliko hii. Mwanzoni alisema kila kitu kilikuwa sawa. Tulipofika jioni akasema barua ya rufaa ilikuwa kwa kaka yake, ambaye alisema ataileta stendi asubuhi. Nauli ya kwenda ilikuwepo, ya kurudi haikuwepo. Hakuwa na uhakika nani atampeleka mdogo shule. Halafu akanyamaza, akacheka kidogo, akasema viatu vyake vya kufunga alivipeleka kwa fundi Jumatatu kushonwa soli, na jioni ile alimkuta fundi amefunga kibanda. Alikuwa amepanga asafiri na ndala.

Si kila ndoto hufunguka wazi namna hii. Mara nyingi kiatu hakipo kabisa katika siku ya mtu. Lakini mambo matatu manne yaliyoachwa nusu huwa yapo, nami nayatafuta hayo. Kwa mama huyu ndoto haikuwa na habari za mumewe hata kidogo. Ilikuwa na habari za barua iliyo mikononi mwa mtu mwingine, na hilo lilitengenezeka kwa simu moja.

Ndiyo maana nawasisitizia watu wangu karatasi, na sichoki kuirudia: usiku wa kuamkia safari, kaa dakika tano uandike yaliyobaki. Mwaka 2018 watafiti Marekani waliwalaza vijana 57 maabara. Nusu waliandika kwa dakika tano kazi zinazowangoja siku zijazo, nusu wakaandika walizozimaliza. Walioandika zinazowangoja walipata usingizi mapema kwa kama dakika tisa, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo mahususi ndivyo usingizi ulivyowahi. Kilichopimwa hapo ni kusinzia, ndoto hazikupimwa, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba kiatu hakitapotea. Faida ninayoiona mimi ni ya asubuhi: ukiamka na moyo unadunda, unayo karatasi ya kulinganisha. Andika mambo kamili. "Kujiandaa" haisaidii chochote. Andika "barua ya rufaa, kaka, saa kumi na moja, nimpigie usiku huu." Viatu vya safari viweke mlangoni, vyote viwili, na ndani ya kimoja weka tiketi.

Dhana: ndoto ya alfajiri haisemi uongo

Vipindi vya usingizi wenye ndoto nyingi hurudi kila baada ya dakika kama 90, na hurefuka kadiri usiku unavyokwenda. Vya alfajiri ndivyo virefu, na ndivyo tunavyoamka tukiwa katikati yake. Ndiyo maana ndoto za saa hizo huwa wazi na hukumbukwa. Kukumbukwa na kutimia ni mambo mawili. Na anayesafiri na basi la asubuhi huamshwa na saa mapema kuliko kawaida, hivyo hukatiwa ndoto katikati. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa Tanga.

Dhana: kutembea peku ndotoni ni ufukara, au mtu amechukua nyayo zako

Nimekutana na kijana aliyetoa pesa za nauli akampa mganga "amrudishie nyayo", akabaki hana nauli wala nyayo. Hili linaniudhi kwa sababu mwenye hofu ndiye anayelipishwa. Peku ndotoni ni kujihisi huna kinga mbele ya watu, na mara nyingine ni mguu wenyewe. Watafiti waliwahi kuwafunga watu waliolala mkanda wa kupimia presha mguuni na kuujaza hewa wakati wa usingizi wa ndoto, na mguu ukaingia ndotoni. Mguu uliotoka nje ya shuka kwenye baridi ya Lushoto unaweza kufanya hivyohivyo. Ila kama miguu inawaka moto au inakufa ganzi hata ukiwa macho, acha habari za ndoto, nenda ukapime sukari.

Dhana: ikijirudia mara tatu, imethibiti

Ikijirudia, wasiwasi haujaguswa. Hapa ipo tiba, na ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mchana, ukiwa umetulia, andika ndoto ulivyoiota. Kisha ibadilishe upendavyo: unakipata kiatu, au kondakta anakungoja, au unapanda peku na hakuna anayekutazama. Hii mpya ndiyo unayoipitia akilini dakika kumi hadi ishirini kila siku, ile ya zamani usiirudie tena. Kwa wenye jinamizi njia hii imefanyiwa utafiti wa kutosha, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache.

Usifanye peke yako endapo ulishapata ajali ya barabarani na ndoto inakurudisha palepale, kiatu kikiwa kile kilichobaki barabarani, au endapo ndoto inakuamsha kila wiki hadi unaogopa kulala. Hapo unahitaji mtaalamu wa kukaa naye, na mwambie wazi kuhusu ajali, maana wengi wananisimulia ndoto mara tatu kabla ya kuitaja.

Mama wa Tanga amepewa tarehe nyingine, mwezi ujao. Barua ya rufaa sasa iko kwenye mkoba wake. Viatu kwa fundi ameshavichukua.