Siku ya Mwisho wa Mkataba Huwa Imechelewa: Dhana Potofu Kuhusu Vikumbusho vya Upangaji, Bima na Leseni

Wateja wanaotukabidhi nyaraka za majengo yao huniambia kwa kujiamini kwamba tarehe zote zimo kwenye kalenda. Nikiifungua kalenda hiyo, nakuta kila kikumbusho kimewekwa palepale mkataba unapokwisha, bima inapokoma au leseni inapofikia ukomo, na aliyejitahidi sana ameweka kingine wiki moja kabla. Nimelieleza kosa hili mara nyingi mno, nami nalieleza tena kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowapotezea watu haki ambazo tayari walikuwa nazo kwenye maandishi.

Dhana: Tarehe ya kufuatilia ni ile ya mwisho wa mkataba.

Tarehe ya mwisho inakuambia haki inakoma lini. Haikuambii kazi ifanyike lini, na katika mikataba ya upangaji tarehe hizo mbili zinaweza kutengana kwa miezi mingi.

Tuchukue mpangaji wa ghala ambaye mkataba wake unakwisha 31 Desemba 2026. Kifungu kimoja kinampa hiari ya kuongeza miaka 3 kwa kodi inayokokotolewa kwa kanuni iliyomo mkatabani, ili mradi mpangishaji awe amepokea notisi ya maandishi si chini ya miezi 6 kabla ya mwisho. Notisi hiyo basi inapaswa kuwa mkononi mwa mpangishaji ifikapo 30 Juni 2026. Kikumbusho cha wiki moja kabla ya mwisho kitamfikia 24 Desemba, karibu miezi 6 tangu hiari hiyo ife. Anaweza bado kuzungumza na mpangishaji, lakini sasa anaomba, na kodi itakuwa ile ambayo mwenye mali ataamua kuitaja.

Neno la kuangaliwa hapo ni «amepokea». Barua iliyoandikwa 30 Juni na kukaa siku mbili njiani haitimizi sharti hilo. Kabla ya barua kuandikwa kuna uamuzi wa kufanya, na uamuzi una watu wake: mhasibu alinganishe kodi, mkurugenzi atie saini, mwanasheria asome kifungu kinachoeleza notisi ipelekwe wapi na kwa njia gani. Mimi huongeza siku 30 za maandalizi, na kwa taasisi ambayo bodi yake hukutana mara chache husisitiza ziwe 60. Ukitoa siku 30 kutoka 30 Juni unapata 31 Mei 2026, ambayo ni Jumapili, siku ambayo kikumbusho hufutwa kwenye simu na kusahaulika. Kirudishwe nyuma hadi Ijumaa, 29 Mei.

Lahajedwali ya kawaida huifanya hesabu hii yote. Katika mstari wa 2, weka tarehe ya mwisho kwenye safu ya B, miezi ya notisi kwenye C na siku za maandalizi kwenye D, kisha andika hivi kwenye E:

```
=WORKDAY(EDATE(B2,-C2)-D2+1,-1)
```

`EDATE` hurudi nyuma kwa miezi kamili, na `WORKDAY` huiondoa tarehe mwishoni mwa wiki. Sikukuu haizifahamu mpaka uiorodheshee. Ukiona namba 46171 badala ya tarehe, hesabu haijaharibika. Badilisha tu muundo wa seli uwe wa tarehe.

Hapa pana mtego ambao nimeukuta hata kwa wahasibu makini. Wengi huandika siku 180 wakidhani ndizo miezi 6. Ukitoa siku 180 kutoka 31 Desemba 2026 unafika 4 Julai, yaani siku 4 baada ya mwisho wa kutoa notisi. Mkataba ukisema miezi, hesabu miezi. Ukisema siku, hesabu siku. Usizibadilishe kwa kichwa.

Hesabu ya kurudi nyuma inahusu pia bima na leseni, ingawa huko kinachoamua si notisi bali mlolongo wa nyaraka. Leseni inayokwisha 30 Septemba, ambayo maombi yake hayapokelewi bila cheti cha ukaguzi wa moto kilicho hai, haina maana kuifuatilia peke yake ikiwa cheti chenyewe kinakwisha Agosti. Cheti kipewe mstari wake na tarehe yake ya kutenda, na mstari wa leseni uonyeshe kwamba unakitegemea. Ndiyo maana nasisitiza mstari mmoja kwa kila wajibu, wala si kwa kila jengo. Jengo lililobanwa katika mstari mmoja wenye safu 15 za tarehe huficha ile tarehe moja iliyokaribia.

Dhana: Wakala wa bima atanikumbusha.

Pengine atakukumbusha, lakini barua yake huenda kwenye anwani aliyonayo, nayo inaweza kuwa ya ofisi mliyohama au ya mtumishi aliyekwisha kuondoka. Isitoshe, ukumbusho wake hueleza bima ya mwaka uliopita kama ilivyokuwa, ilhali wewe ndiye unayejua kwamba ghorofa ya chini sasa ina jiko la mgahawa au kwamba jengo limekaa tupu kwa miezi kadhaa. Mabadiliko hayo anapaswa kuyajua kabla hajakutafutia bei. Katika rejesta yako andika siku ya mwisho ya kulindwa, ambayo mara nyingi hutangulia siku ya kuanza kwa bima mpya kwa siku moja, na usome kwenye hati ni saa ngapi ulinzi unakoma.

Dhana: Majengo yakiwa mengi, lazima kununua programu maalumu.

Kwa majengo kadhaa au hata makumi kadhaa, sijaona haja. Mifumo ya gharama kubwa hushindwa pale pale lahajedwali inaposhindwa, yaani kwenye tarehe iliyoingizwa vibaya. Tarehe 03/04/2026 mmoja huisoma Aprili na mwingine Machi, kwa hiyo andika 2026-04-03 kila mahali. Kagua pia seli zenyewe: ikiwa hukugusa mpangilio wa safu, tarehe halisi hukaa upande wa kulia, na iliyoegemea kushoto imepokewa kama maandishi, kwa hiyo huenda isihesabiwe. Kikumbusho nacho kiende kwenye kalenda ya pamoja, kikiwa na jina la mhusika na la msaidizi wake. Kikumbusho kilichomo kwenye simu ya mtu mmoja huenda naye likizo.

Dhana: Tumeshalipa, hivyo kazi imekwisha.

Risiti inathibitisha malipo tu. Mstari haufungwi mpaka hati mpya iwe mkononi na mtu awe amesoma mambo matatu: jina la mwenye mali, anwani ya jengo na tarehe za mwanzo na mwisho. Nimewahi kupokea cheti cha bima kilicholipiwa kwa wakati huku anwani yake ikiwa ya jengo jirani la mmiliki yuleyule, na kosa hilo lilionekana kwa sababu tu kanuni yetu hairuhusu kuandika «imekamilika» bila kulifungua faili lenyewe. Hati ikishakaguliwa, mtu huyohuyo aingize tarehe mpya ya mwisho siku hiyohiyo, kisha aipitie tena safu ya C, kwa maana mkataba uliohuishwa unaweza kuja na muda wa notisi tofauti na ule wa zamani.