Baba na hedhi ya binti yake

"Hayo mambo ni ya mama na shangazi, baba hayamhusu."

Sasa mama akiwa safarini, au hayupo kabisa, mtoto ataomba nani hela ya pedi? Nunua mapema pakiti mbili uweke kabatini, na kwenye begi la shule weka pedi mbili tatu, chupi ya akiba na mfuko wa kutia iliyochafuka. Siku ikifika mwambie tu, "Mwanangu huumwi, ni kawaida, badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, zikikaribia kuisha nitumie meseji." Usianze kumhoji mambo ya wavulana, hapo ndo atakuficha kila kitu. Mwaka wa kwanza tarehe zinarukaruka, usishtuke, ila akilowesha pedi nzima kila saa kwa masaa kadhaa, au damu ikipita siku 7, mpeleke hospitali.