Aina ya tiketi inavyosogeza tarehe ya kumaliza mradi

Ninapofungua bodi ya kazi ya timu ya programu, kwanza huangalia kama tiketi za `Bug` zimepewa pointi, yaani makadirio ya ukubwa wa kazi. Hapo ndipo ninapojua niiamini kwa kiasi gani tarehe ambayo timu imeahidi kumaliza.

Maana zenyewe si ngumu. `Story` ni jambo jipya ambalo mtumiaji hakuwa nalo. `Bug` ni jambo tulilokwisha kulikabidhi, lakini halifanyi tulivyokubaliana. `Chore` ni kazi ya lazima ambayo mtumiaji haioni, kama kusasisha maktaba za msimbo au kuhamisha seva. Pivotal Tracker, programu ya kusimamia kazi iliyofungwa Aprili 2025, ilikuwa na aina hiyo tayari. Kwenye Jira, programu nyingine ya namna hiyo, haimo hadi uiunde mwenyewe, kwa hiyo wengi huziweka kazi hizo chini ya `Task`.

Tuchukue timu ambayo katika sprinti tatu zilizopita, yaani vipindi vifupi vya kazi vyenye urefu sawa, ilimaliza pointi 20, 22 na 18 za `Story`. Wastani ni 20, na hiyo ndiyo kasi yake. Zimebaki `Story` za pointi 100, basi mradi utaisha baada ya sprinti 5. Kisha watumiaji wanaongezeka na hitilafu zinaanza kumiminika. Timu inafanya kazi kwa bidii ileile, lakini sasa nguvu yake ya pointi 8 hivi inaishia kwenye marekebisho.

Kama hitilafu hazina pointi, kasi inayoonekana kwenye ripoti inashuka hadi 12. Gawanya 100 kwa 12 na utapata sprinti 9 ukiihesabu ile ya mwisho isiyojaa. Meneja atashtuka, na ana haki. Lakini kama kila hitilafu imepewa pointi, 12 za `Story` zinajumlishwa na 8 za `Bug`, kasi inabaki 20, na ripoti inaendelea kusema sprinti 5. Utulivu huo si wa kweli. Zile pointi 100 ni za mambo mapya tu. Hitilafu zitakazozuka mwezi ujao hazijaandikwa popote, ilhali zitakula muda uleule. Umegawanya kazi ya aina moja kwa kasi ya aina mbili.

Ndiyo maana Tracker, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikuruhusu pointi kwenye hitilafu na `Chore`. Naunga mkono msimamo huo kwa kazi zinazozuka bila kutarajiwa. Ila una mpaka wake: kama tayari una rundo la hitilafu kubwa zinazojulikana, au uhamisho wa hifadhidata utakaochukua wiki nzima, hiyo ni kazi unayoiona mbele yako. Ipe makadirio na uiingize pande zote mbili za hesabu, kwenye kazi iliyobaki na kwenye kasi. Kwenye Jira inabidi uwe macho zaidi, kwa sababu chati ya kasi hujumlisha pointi za tiketi zilizomo kwenye sprinti bila kuuliza kama ni `Story`, `Bug` au `Task`.

Ugomvi mkubwa huwa kwenye tiketi za katikati. Mteja anaandika: “Ripoti ya mauzo imeharibika, haichuji kwa tarehe.” Mimi hurudi kwenye masharti ya kukubali ya tiketi iliyoileta ripoti hiyo. Kama kuchuja kwa tarehe kuliandikwa humo, hii ni `Bug`. Kama hakukuandikwa, ni `Story`, hata mteja akiwa amekasirika. Uharaka wake utaonyeshwa na sehemu ya kipaumbele. Ukiiita `Bug`, chati ya ubora itasema timu imeharibu kitu, wakati kilichotokea ni kwamba mahitaji hayakuulizwa vizuri, na hilo lina tiba nyingine kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Ukihesabu hitilafu za mwezi kwa swali hili la Jira:

```
issuetype = Bug AND created >= -30d
```

jibu hutegemea aina ambayo tiketi inayo leo, si aina iliyokuwa nayo ilipofunguliwa. Opereta ya `WAS` hufanya kazi kwenye `status` na sehemu nyingine chache, lakini si kwenye `issuetype`. Mtu akizigeuza hitilafu kumi kuwa `Task` kabla ya kikao cha tathmini, zinatoweka pia kwenye hesabu ya nyuma, na grafu inaonekana nzuri bila programu kubadilika. Alama yake ni ripoti ya mwezi uleule kutoa namba tofauti ukiifungua tena baadaye. Ukikutana na hali hiyo, fungua historia ya tiketi mojamoja. Humo mabadiliko ya aina yameandikwa pamoja na tarehe na jina la aliyeyafanya. Aina irekebishwe siku tiketi inapochambuliwa, kabla ya kuingia kwenye sprinti, na baada ya hapo iachwe.