Nanga ya bei: kwa nini kifurushi cha kati ndicho kinachotoka

Nanga ya bei ni bei ya kwanza anayoiona mteja, ambayo bila kujijua anaitumia kupimia bei zinazofuata. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio la gurudumu la namba lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65. Watu waliulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Makadirio ya kati ya walioona 10 yalikuwa 25, na ya walioona 65 yalikuwa 45. Namba isiyohusika hata kidogo iliwavuta.

Sasa tuchukulie duka la uchapaji hapa Dodoma, tuseme jirani na Jamatini, linalochapa kadi za harusi. Kadi 100 za karatasi nyepesi bila bahasha ni shilingi 60,000. Za karatasi ya gramu 300, zenye bahasha na jina la kila mgeni, ni 110,000. Kamati ya harusi ikiona hizo mbili tu, moja inakuwa nafuu na nyingine ghali, na mara nyingi mjadala unaishia kwenye 60,000. Ongeza kifurushi cha tatu cha 180,000, chenye maandishi ya dhahabu, utepe na kiboksi. Hapo 110,000 inageuka kuwa bei ya kawaida. Kuichagua hakumfanyi mtu aonekane bahili wala mfujaji, na watu wengi hukwepa ncha zote mbili.

Kifurushi kikubwa kiandikwe juu kabisa kwenye bango la bei, na mhudumu akitaja bei kwa simu aanze nacho. Lakini kiwe cha kweli, sampuli yake iwe mezani, maana wapo watakaokiagiza. Ukikipandisha hadi 600,000 hakisaidii: mteja anakitoa kwenye hesabu, anabaki na vile viwili.

Nanga haishiki vizuri kwa aliyekuja na bei ya duka jingine kwenye simu yake. Huyo ameshapata ya kwake, kwa hiyo mpe karatasi zote mbili azishike, aone tofauti kwa vidole.

Wengi wanakosea kwenye kupima. Wanahesabu oda za kati na kufurahi, kumbe wanapoteza. Tuseme kifurushi cha chini kinaacha faida ya 20,000 na cha kati 40,000. Kati ya waulizaji kumi, zamani sita walichukua cha chini na wawili cha kati: faida 200,000. Baada ya bango jipya, wanne wanachukua cha kati na waliobaki wanaondoka mikono mitupu, kwa kuwa 180,000 ya juu imewatisha: faida 160,000. Oda za kati zimeongezeka maradufu, duka limepungukiwa. Kwa hiyo daftari la oda liandike pia waulizaji walioondoka bila kuagiza, kisha ulinganishe faida kwa kila waulizaji kumi, kabla na baada ya bango.