Kofia ngumu ni kwa faida ya nani?

Kijana wa bodaboda ninayepanda naye asubuhi huning'iniza kofia ngumu ya pili kwenye usukani. Juzi aliponipa niliichungulia ndani kwanza: sponji imelowa jasho, na nyuzi mbili tatu za nywele bandia zimenasa kwenye kifungo cha mkanda. Nikamrudishia. "Mwalimu, trafiki akitusimamisha mimi ndiye nitakayelipa," akasema. Nikaivaa. Nafundisha falsafa ya maadili, na swali la kofia ile nimelifundisha miaka mingi, lakini siku ile lilinikaa kichwani kwelikweli.

Swali lenyewe ni hili: nikianguka bila kofia, kinachopasuka ni kichwa changu. Serikali inaingiaje?

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru cha mwaka 1859, alitoa jibu ambalo wanafunzi wangu hulipenda mara tu wanapolisikia. Jamii ina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa sababu moja tu, nayo ni kuzuia madhara kwa wengine. Faida yake mwenyewe, iwe ya mwili au ya roho, haitoshi. Mshauri, mbembeleze, mgombeze ukitaka, ila usimtie nguvuni. Hii ndiyo kanuni ya madhara. Na madhara hapa si karaha: jirani kuchukizwa na ninavyovaa hakumpi haki juu yangu.

Niseme jambo moja ambalo mara nyingi hurukwa darasani. Mill aliwatoa watoto katika kanuni yake, na hapo hakuna ugomvi. Lakini aliwatoa pia watu wa jamii alizoziita za nyuma, akasema kuwatawala kwa mabavu ni halali mradi lengo ni kuwaendeleza. Mtu huyu alifanya kazi katika Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza iliyoitawala India, kuanzia 1823 hadi ilipoondolewa madaraka mwaka 1858. Kwa hiyo babu zetu hawakuwemo katika uhuru ule. Hoja ya "tunakulazimisha kwa faida yako", aliyoikataa kwa mtu mzima wa London, aliiruhusu kwa mtu mzima wa Bengali. Kanuni yenyewe bado naiona nzuri, ila najua mwenyewe hakuitumia kwa wote.

Turudi barabarani. Watetezi wengi wa sheria ya kofia hujaribu kuipitisha katika mlango huohuo wa Mill. Husema kichwa changu si changu peke yangu, kwa kuwa nikiumia wengine ndio watakaolipa. Hoja hii ilifika mahakamani Marekani mwaka 1972. Mwendesha pikipiki wa Massachusetts alipinga sheria ya jimbo akisema inamlinda yeye tu. Mahakama ya shirikisho ilimkatalia. Ilieleza kwamba tangu dakika anayoumia, ni jamii inayomwokota barabarani, inayompeleka hospitali ya umma na kumpa madaktari, na akibaki kilema pengine itamtunza yeye na familia yake.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani mjadala umekwisha. Ukiikazia macho utaona inathibitisha mambo mengi kupita kiasi. Anayekula chumvi nyingi naye ataokotwa na jamii. Anayepanda mlima, anayecheza mpira na goti bovu, asiyelala, wote hao. Kama gharama kwa umma inatosha kuwa madhara, hakuna tendo linalobaki langu, na kanuni ya Mill imekufa huku tukidai tunaitumia.

Mill aliliona hilo na akaweka mstari. Tendo langu linakuwa la wengine ninapovunja wajibu mahususi kwa mtu anayejulikana. Baba anayekunywa pesa ya chakula cha watoto anaadhibika kwa kuwaacha watoto na njaa, si kwa ulevi. Askari anayelewa akiwa zamu anaadhibika kwa kuiacha zamu. Kwa kipimo hiki, kumpakia mtoto bila kofia ni kosa lililo wazi. Mimi, mtu mzima niliyekodi pikipiki kwa hiari, sijavunja wajibu kwa mtu ninayeweza kukutajia.

Basi sheria ikinilazimisha mimi, ni kwa ajili yangu. Huko ni kunilea, na wenzangu katika fani huuita patenalizimu. Napendelea tuuite hivyo bila aibu, halafu tuulize kama unakubalika.

Upo ulezi ambao Mill mwenyewe aliukubali. Mtu anakaribia kuvuka daraja lililothibitika kuwa bovu, na hakuna muda wa kumwonya. Ukimdaka na kumrudisha, hujamnyima uhuru wake, kwani uhuru ni kufanya unachokitaka na yeye hakutaka kutumbukia mtoni. Wengi huishia hapo wanapousimulia mfano huu. Mill aliendelea: kama kutumbukia si hakika bali ni hatari tu, basi kwa mtu mzima mwenye akili timamu onyo linatosha. Ni yeye tu anayeweza kujua kama jambo linalompeleka ng'ambo linastahili hatari hiyo.

Na pikipiki ni hatari, si hakika. Onyo nimeshalipata. Najua kwamba mapitio makubwa ya tafiti yalikuta kofia inapunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa takriban asilimia 42. Najua, na bado niliirudisha. Ulezi laini, ule wa kumzuia asiyejua, haunigusi tena. Kilichobaki ni ulezi mgumu, wa kumzuia anayejua.

Hapa ndipo namwacha Mill na kumfuata mwanafalsafa Gerald Dworkin, aliyeandika mwaka 1972 kwamba tunaweza kukubali mapema kuwekewa mipaka fulani, kama mtu anayekata bima dhidi ya upumbavu wake mwenyewe. Siku ile sikupima uzito wa maisha yangu dhidi ya jasho la mtu. Nilisikia harufu, basi. Ningeulizwa nikiwa nimetulia nyumbani, ningesema nilazimishe. Anachozuia trafiki ni kinyaa changu cha dakika mbili, na mpango wangu wa maisha unabaki ulivyo.

Lakini hoja hiyo inaishia pale sababu yangu inapokuwa si ya dakika mbili. Uingereza iliifanya kofia kuwa lazima mwaka 1973. Mwaka 1976 Bunge likawaruhusu Masingasinga waliovaa kilemba waendeshe bila kofia. Fikiri kama sheria ile ingekuwa ya kuwalinda watu wengine: ingekuwa vigumu sana kumsamehe mtu kwa imani yake, kama usivyomruhusu kuendesha bila breki. Iliwezekana kwa sababu anayehatarishwa ni yeye mwenyewe, na yeye ana jambo analolithamini kuliko usalama huo.

Nilipomaliza kueleza haya darasani, mwanafunzi mmoja mwenye rasta zilizosukwa vizuri alinyosha mkono. "Mwalimu, hizi nimekaa saluni saa sita na zimenila hela ya wiki mbili. Kofia inaziharibu. Zangu ni kinyaa cha dakika mbili, au ni kilemba?"

Darasa likacheka. Nilianza kumjibu kwamba dini na nywele si kitu kimoja, nikajikuta nampimia mtu mzima kitu gani kina thamani katika maisha yake. Ndicho hasa Mill alichosema hakuna mwingine anayeweza kukipima.

Nilimwambia tutaendelea Alhamisi.